Embe ni lile lile, mbona kalori ni tatu tofauti?

"Shikamoo mwalimu. Huu ni mwezi wa pili naandika kila ninachokula kwenye programu ya simu. Jana nilipima embe gramu 300. Nilipoandika 'embe' nikapewa kalori 180 na nyuzinyuzi karibu gramu 5. Embe hilo hilo nikalisaga kwenye blenda, peke yake. Nilipoandika 'smuthi ya embe' gilasi moja, ikasoma kalori 340 na nyuzinyuzi sifuri. Nikajaribu 'juisi ya embe' mililita 300, ikasoma 153 na nyuzinyuzi gramu moja. Embe si ni lile lile? Blenda inaua nyuzinyuzi? Nyumbani tunatengeneza jagi la embe na pasheni karibu kila jioni, sasa sijui niwe naandika ipi." Msomaji, Kisauni

Marahaba, mwanangu. Blenda haiui nyuzinyuzi wala haiongezi kalori. Embe likisagwa peke yake na lisichujwe, linabaki na kalori zake 180 na nyuzinyuzi zake gramu 4.8, hata likigeuka uji. Kisu cha blenda kinazikata nyuzinyuzi ziwe fupi, lakini hazitoki ndani ya jagi. Kinachozitoa ni chujio, na kinachopandisha kalori ni mkono unaomimina maziwa na sukari. Kwa hiyo jana ilitosha kuandika "embe, gramu 300" ukafunga simu.

Zile namba tatu hazigombani. Ni vyakula vitatu vinavyochangia jina moja, na ukishajua kila kimoja kina nini ndani, utaacha kubabaika.

Namba ya kwanza imetoka kwenye jedwali la vyakula, na inahusu nyama ya embe lililoiva bila ganda wala kokwa. Kila gramu 100 za nyama hiyo zina kalori kama 60 na nyuzinyuzi gramu 1.6, ndiyo maana gramu 300 zimekupa 180 na 4.8. Hapa nina swali moja kwako: ulipima embe likiwa limeshamenywa, au uliliweka zima kwenye mizani? Ganda na kokwa huchukua karibu theluthi ya uzito. Kama gramu 300 zilikuwa za embe zima, ulichokula ni gramu 200 hivi, yaani kalori 120. Kosa hili nalikuta kila wiki kwenye simu za watu ninaowahudumia, nalo ni kubwa kuliko lile la blenda unaloliogopa.

Namba ya pili, ile ya 340, ni mapishi ya mtu mwingine. Programu nyingi zinaruhusu watumiaji waingize vyakula vyao wenyewe, na mtu akiandika "smuthi ya embe" huwezi kuona alichomimina. Lakini hesabu yenyewe inasema. Chukua nyama ya embe gramu 280, hizo ni kalori 168. Tia maziwa yasiyoondolewa mafuta mililita 200, ongeza kalori 122. Tia kijiko kikubwa kimoja cha sukari, kama kalori 48. Umefika 338. Gilasi kama hiyo ndiyo iliyoandikwa pale, au ndugu yake wa karibu. Wewe hukutia maziwa wala sukari, basi namba hiyo si yako.

Na ile sifuri ya nyuzinyuzi isikutishe. Embe la gramu 280 haliwezi kukosa nyuzinyuzi, liwe limesagwa au limepondwa kwa mwiko. Mtu aliyeingiza smuthi hiyo aliandika kalori, labda na sukari, kisha akaruka kisanduku cha nyuzinyuzi. Kwenye jumla ya siku, programu inakihesabu kisanduku kitupu kama sifuri. Ukikuta tunda lolote lina nyuzinyuzi sifuri kamili, jua hapo hakuna aliyepima kitu, tafuta ingizo jingine.

Namba ya tatu ndiyo inayodanganya kwa upole, kwa sababu 153 iko karibu na 180, mtu akaona ni sawa tu. Embe halikamuliki kama chungwa. Kinachouzwa kwa jina la juisi ya embe kwenye pakiti ni rojo la embe lililotiwa maji mengi na kurudishiwa utamu kwa sukari. Kalori zake ni kama 51 kwa gramu 100, na nyuzinyuzi ni gramu 0.3 tu. Soma orodha ya viambato ubavuni mwa pakiti. Huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia, na mara nyingi utakuta maji ndiyo ya kwanza. Kalori zinakaribiana na za embe lako, ila sehemu yake imetoka kwenye sukari ya mfuko, na nyuzinyuzi zimepungua zaidi ya mara tano.

Sasa tuje kwenye kuchuja, maana hapo ndipo tofauti ya kweli ilipo. Wewe ni mtu wa pwani, umekuna nazi. Ukishakamua tui, machicha yanabaki mkononi. Hakuna anayedhani machicha yameingia kwenye mchuzi. Juisi na tunda ni hivyo hivyo: kilichobaki kwenye chujio hukukinywa, na nyuzinyuzi nyingi zimebaki humo.

Tazama chungwa. Kwa gramu 100, chungwa lililomenywa lina kalori 47 na juisi yake ina 45, yaani ni kitu kimoja. Lakini nyuzinyuzi zinashuka kutoka gramu 2.4 hadi 0.2. Zilikuwa kwenye zile ngozi nyembamba zinazogawa vipande, kwenye vifuko vinavyoshika maji, na kwenye utando mweupe chini ya ganda. Vyote hivyo umevitupa.

Watu huniambia, "Kama kalori ni sawa, mbona mnatuambia juisi inanenepesha?" Ni sawa kwa gramu 100, lakini hakuna anayekunywa gramu 100. Chungwa la wastani, gramu 130 hivi likishamenywa, lina kalori 62. Ukilikamua vizuri unapata kama gramu 85 za juisi, ambazo hazifiki hata kalori 40, kwa sababu sehemu ya utamu imebaki kwenye makapi. Kwa hiyo chungwa moja likikamuliwa linakupa kalori pungufu kuliko likiliwa. Ila gilasi ya mililita 250 inataka machungwa matatu, nayo ina kalori kama 112 na nyuzinyuzi nusu gramu. Ni nadra mtu kukaa akala machungwa matatu kwa mkupuo. Kuyanywa ni dakika moja.

Kuna jambo la kwetu hapa ambalo hakuna programu inayolijua. Muuza machungwa pale kando ya barabara analikwangua ganda kwa kisu mpaka libaki jeupe, analikata kichwa, anakupa. Unalibana, unalinyonya mpaka likauke, kaka unalitupa. Ukifika nyumbani unaandika "chungwa 1" na programu inakupa nyuzinyuzi gramu 3. Mwanangu, umekunywa juisi. Mdomo wako ndio uliokuwa chujio. Chungwa la kunyonya liandike kama juisi ya chungwa, gramu 70 au 80. Lile ulilolitenga vipande ukala na ngozi zake ndilo uliandike kama chungwa.

Sasa pasheni, ambayo ndiyo iliyonifanya nikuandikie kirefu hivi, kwa sababu umesema huwa mnaitia kwenye jagi. Katika matunda yetu ya kila siku hili ndilo linaloharibu kumbukumbu kuliko yote. Jedwali linaposema pasheni, linahusu kila kilicho ndani ya ganda: maji, utando na mbegu. Gramu 100 za hivyo zina kalori 97 na nyuzinyuzi gramu 10.4, kiwango ambacho hata maharagwe mengi yaliyochemshwa hayakifikii. Lakini juisi yake ikishachujwa ina kalori kati ya 50 na 60 na nyuzinyuzi gramu 0.2. Kutoka kumi hadi karibu na hakuna! Nyuzinyuzi za pasheni ziko kwenye mbegu, na sisi mbegu tunazimwaga.

Nakumbuka mama mmoja aliyenijia akilalamika choo kigumu. Kumbukumbu zake zilikuwa safi, ameandika kila tonge, na programu inamwonyesha nyuzinyuzi karibu gramu 30 kila siku. Mtu mzima akipata gramu 25 tunasema amefanya vyema, kwa hiyo sikuelewa. Nikamwomba anieleze siku yake kuanzia asubuhi. Alikuwa anatia pasheni kumi kwenye jagi dogo, anachuja, anainywa yote yeye mwenyewe mchana kutwa, kisha anaandika "pasheni 10". Pasheni kumi zina nyama kama gramu 180, na programu ilikuwa inamhesabia gramu 18 na zaidi za nyuzinyuzi ambazo zilikuwa zimelala kwenye ndoo ya taka. Ukiziondoa hizo, alikuwa anapata gramu kumi na kitu tu kwa siku. Choo chake kilikuwa kinasema kweli kuliko simu.

Basi tulifanye jagi lako. Nimelitengeneza jikoni kwangu juzi, nikipima kila hatua, ili uone namba zinavyokwenda.

Niliweka jagi la blenda tupu kwenye mizani, nikairudisha kwenye sifuri. Nikatia nyama ya maembe mawili makubwa, ikasoma gramu 600. Hizo ni kalori 360 na nyuzinyuzi gramu 9.6. Pembeni nikakata pasheni sita, nikakwangua vilivyo ndani kwenye bakuli: gramu 110. Nikavichuja kwa kijiko na chujio la chai, nikapata juisi gramu 70, mbegu na utando zikabaki gramu 40. Ninachoandika ni "juisi ya pasheni, gramu 70", yaani kalori kama 40, na nyuzinyuzi hazifiki hata robo gramu. Kisha sukari vijiko vinne vikubwa vilivyosawazishwa, gramu 50, kalori 195. Mwisho maji gramu 500, ambayo hayana kalori ila lazima yaandikwe, kwa sababu yanaingia kwenye uzito wa jumla.

Jagi zima lina gramu 1,220, kalori 595 na nyuzinyuzi kama gramu 9.7. Gilasi ninayotumia inabeba gramu 300, yaani karibu robo ya jagi. Basi gilasi moja ina kalori 146 na nyuzinyuzi gramu 2.4. Kwenye programu, tafuta sehemu ya kuhifadhi mapishi, ingiza vitu hivyo vinne na uzito wake, na kwenye idadi ya vipimo usiandike gilasi nne, andika 1,220. Hapo kila kipimo kinakuwa gramu moja. Mtoto akinywa gramu 180 na wewe 300, kila mmoja anaandikiwa chake bila kubahatisha.

Sasa tazama ungeharibu wapi. Kama ungeandika pasheni gramu 110 badala ya juisi gramu 70, jagi lingesoma nyuzinyuzi gramu 21, na gilasi yako ingeonyesha zaidi ya gramu 5, mara mbili ya ukweli. Ungesahau sukari, kama wengi wanavyosahau kwa kuwa "ni vijiko tu", ungepunguza theluthi nzima ya kalori za jagi. Sukari ile ilikuwa gramu 50 kati ya gramu 1,220, huioni kwa macho, lakini imebeba kalori zaidi ya nusu ya zile za maembe mawili.

Pima kwa gramu, usipime kwa alama za mililita ubavuni mwa jagi. Blenda inatia hewa, juisi inapanda na povu, na baada ya robo saa imeshuka. Barafu nayo ihesabu kama maji. Ukiitia baada ya kupima jagi, itie kwenye gilasi kisha urudishe mizani kwenye sifuri kabla ya kumimina juisi.

Najua kuna nyumba ambazo embe pia linachujwa, hasa yale ya nyuzi zinazonasa kwenye meno. Hapo lazima nikuambie mpaka wa mizani ya jikoni. Zile nyuzi unazozitoa kwenye meno ni sehemu tu ya nyuzinyuzi za embe. Nyingine ni laini, zinayeyuka na kuifanya juisi iwe nzito, nazo zinapita kwenye chujio. Kwa hiyo embe lililochujwa halijawa maji matupu kama chungwa lililokamuliwa, lakini pia si embe kamili. Pima machicha, yatoe kwenye uzito wa embe, na kalori zako zitakuwa karibu na ukweli. Nyuzinyuzi huwezi kuzipata kwa njia hiyo, kwa sababu machicha yana nyuzinyuzi nyingi kuliko uzito wake unavyoonyesha. Mimi huchukua nusu ya namba ya jedwali, nikijua kwamba nimekisia. Usipochuja, hukisii.

Kwenye vibanda vya juisi pale Marikiti huwezi kubeba mizani, na sikushauri ujaribu. Muulize muuzaji mambo mawili tu: unachuja, na sukari unatia yako au tayari imo? Wengi wanajibu bila kinyongo. Kama ni juisi ya avokado usikubali kuiandika kama "avokado" peke yake, kwa sababu kwa kawaida humo mna maziwa na sukari pia. Ijenge mwenyewe mara moja nyumbani kwa gilasi ya kiasi kile, ihifadhi kwa jina lake, uitumie kila unapokunywa nje. Itakukosesha kidogo siku hii na kidogo siku ile, lakini haitakukosesha kila siku upande mmoja.

Bado kuna kitu kimoja ambacho kumbukumbu yako haitakionyesha hata ukiiandika kwa uaminifu wote. Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, walichapisha katika jarida la Lancet jaribio walilowafanyia watu kumi kwa matofaa. Waliwapa yakiwa mazima, yakiwa yamepondwa, na yakiwa juisi isiyo na nyuzinyuzi, wanga ukiwa ni kiasi kile kile. Juisi iliweza kunywewa kwa kasi mara 11 kuliko matofaa mazima, na mara 4 kuliko yaliyopondwa. Walipolazimishwa kwenda mwendo mmoja, bado juisi ilishibisha kidogo kuliko yaliyopondwa, na yaliyopondwa kidogo kuliko mazima. Angalia lile la katikati: tofaa lililopondwa lilikuwa na nyuzinyuzi zake, kama embe lako ndani ya blenda, na bado lilishindwa na lile la kutafunwa. Kwa hiyo embe la kula na embe la kusaga andika namba moja, lakini usishangae siku ya kusaga ukifungua sufuria ya wali saa moja mapema.

Leo kabla hujawasha blenda, pima jagi likiwa tupu na kavu, uandike uzito wake chini kwa kalamu isiyofutika. Langu lina gramu 870. Hata ukisahau kurudisha mizani kwenye sifuri na juisi imeshasagwa, unalipima lote, unatoa 870, na hesabu inaendelea. Kisha nitumie namba za jagi lako la kwanza, maembe, pasheni na sukari kila kimoja peke yake, tuzipitie pamoja.